Mpira Unaodunda: Kimo cha Kila Mdundo na Muda Wote hadi Utulie

Swali la mpira unaodunda huonekana rahisi likisomwa haraka, na pengine ndiyo sababu huwapotezea watahiniwa alama nyingi. Linaunganisha mada mbili ulizosoma katika vyumba tofauti: mwendo wa kitu kinachoanguka, uliofunzwa katika Fizikia, na mfuatano wa jiometri, uliofunzwa katika Hisabati. Katika sehemu hii tutalifanya swali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha tutatoka nje na mpira tuone kama jibu letu linakubaliana na sakafu.

Kabla ya kuendelea, tayarisha karatasi na kalamu. Usisome tu, piga hesabu pamoja nami.

Swali la mfano

Mpira wa vikapu unaachiliwa uanguke kutoka kimo cha mita 1.8 juu ya sakafu ya saruji. Kila unapogonga sakafu, unaondoka kwa kasi ambayo ni 0.8 ya kasi uliyogonga nayo. Ukichukua g = 10 m/s², tafuta:

(a) kimo ambacho mpira unafikia baada ya mdundo wa kwanza, wa pili na wa tatu;
(b) muda tangu mpira uachiliwe hadi ugonge sakafu mara ya tatu;
(c) muda wote hadi mpira utulie;
(d) umbali wote ambao mpira umesafiri.

Maana ya 0.8

Soma tena maneno ya swali. Namba 0.8 imetajwa pamoja na neno "kasi". Hapa ndipo swali zima linapoamuliwa. Tutaiita namba hii kizidishi cha mdundo na kuiandika kwa herufi e. Maana yake ni hii:

e = kasi ya kuondoka sakafuni ÷ kasi ya kugonga sakafu

Kama e ni 1, mpira unarudi kwa kasi ileile na hautatulia kamwe. Kama e ni 0, mpira unagonga na kubaki palepale, kama donge la udongo mbichi. Mipira yote ya kweli iko kati ya namba hizi mbili.

Wazo la kuwa uwiano huu haubadiliki sana, hata kasi ya kugonga ikibadilika, si la kubuniwa na watahini. Isaac Newton aliligusia katika kitabu chake cha mwaka 1687, baada ya kugonganisha tufe za aina mbalimbali zilizoning'inizwa kwa nyuzi. Kwa tufe za sufu zilizokazwa sana alipata kasi ya kuachana ikiwa karibu 5/9 ya kasi ya kukaribiana. Kwa tufe za kioo alipata karibu 15/16. Tunaposema leo kuwa e haibadiliki, tunafuata njia hiyohiyo. Mwishoni mwa somo hili tutaona ni wapi kauli hiyo inaanza kulegea.

Sehemu ya (a): Kimo

Anza na kuanguka kwa kwanza. Mpira umeachiliwa, haukurushwa, kwa hivyo kasi ya mwanzo ni sufuri. Tumia fomula unayoijua:

v² = 2gh = 2 × 10 × 1.8 = 36
v = 6 m/s

Mpira unagonga sakafu kwa kasi ya 6 m/s. Baada ya kugonga, unaondoka kwa kasi ya 0.8 × 6 = 4.8 m/s. Sasa unapanda mpaka kasi iwe sufuri. Fomula ni ileile, ila sasa tunatafuta kimo:

h = v² ÷ 2g = (4.8 × 4.8) ÷ 20 = 1.152

Basi kimo cha mdundo wa kwanza ni mita 1.152.

Tua hapa kidogo. Mtahiniwa mwenye haraka angezidisha 1.8 kwa 0.8 na kupata mita 1.44. Nimesahihisha karatasi nyingi za mitihani ya majaribio zenye jibu hili la 1.44, likiwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigiwa mstari mara mbili. Tatizo liko wapi? Mwanafunzi huyo amechukua namba ya kasi akaipa kimo. Kimo hakiendi sambamba na kasi. Kinaenda sambamba na kasi mara kasi. Kasi ikizidishwa kwa 0.8, kimo kinazidishwa kwa 0.8 × 0.8, yaani 0.64. Na kweli:

1.8 × 0.64 = 1.152

Sasa huna haja ya kurudi kwenye kasi kila mara. Mpira unaanguka kutoka mita 1.152 kama vile umeachiliwa upya kutoka hapo. Kila mdundo unazidisha kimo kilichotangulia kwa 0.64:

Mdundo wa kwanza: 1.8 × 0.64 = mita 1.152
Mdundo wa pili: 1.152 × 0.64 = mita 0.737
Mdundo wa tatu: 0.737 × 0.64 = mita 0.472

Huu ni mfuatano wa jiometri ambao uwiano wake ni e². Kwa jumla, kimo baada ya mdundo wa n ni:

h × e²ⁿ

Hapa h ni kimo cha mwanzo. Ukiulizwa mdundo wa kumi, usiandike hatua kumi. Tumia fomula hii.

Angalia pia jinsi kosa la mwanzo linavyokua. Aliyetumia 0.8 badala ya 0.64 atapata mita 0.922 kwa mdundo wa tatu, karibu mara mbili ya jibu sahihi. Kosa katika uwiano halibaki mahali lilipozaliwa. Linazidishwa upya katika kila hatua.

Zingatia: Kama swali limesema "kila mdundo mpira unafikia 0.8 ya kimo chake cha awali", basi uwiano wa vimo wenyewe ni 0.8, nawe utazidisha 1.8 kwa 0.8 bila kosa. Maswali ya aina zote mbili huulizwa. Tafuta neno linaloandamana na namba: ni kasi au ni kimo? Likitajwa la kimo, e yako ni kipeuo cha pili cha namba hiyo.

Sehemu ya (b): Muda hadi mgongano wa tatu

Muda wa kuanguka mara ya kwanza unatokana na v = gt:

t = 6 ÷ 10 = sekunde 0.6

Hapa mpira umegonga mara ya kwanza. Sasa unaondoka kwa 4.8 m/s. Kupanda kunachukua 4.8 ÷ 10 = sekunde 0.48, na kushuka kunachukua sekunde 0.48 nyingine. Kwa hivyo kati ya mgongano wa kwanza na wa pili kuna sekunde 0.96.

Baada ya mgongano wa pili kasi ni 0.8 × 4.8 = 3.84 m/s. Muda wa kupanda na kushuka ni 2 × 0.384 = sekunde 0.768. Mpira unagonga mara ya tatu.

Jumla: 0.6 + 0.96 + 0.768 = sekunde 2.328

Kuna mambo mawili ya kutazama katika hesabu hii fupi.

La kwanza ni kuwa kuanguka kwa mwanzo kumehesabiwa mara moja tu, ilhali kila safari iliyofuata imehesabiwa mara mbili, kupanda na kushuka. Mpira haukupanda kabla ya kuachiliwa, ulikuwa mkononi. Watahiniwa wengi huweka 2 × 0.6 mwanzoni kwa sababu tayari wameizoea fomula ya kupanda na kushuka. Dawa yake ni mchoro. Chora mstari mmoja unaoshuka, kisha vilima viwili vidogo pembeni mwake, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia. Hesabu mistari. Mchoro huo hauchukui hata nusu dakika.

La pili ni kuwa gawanya 0.768 kwa 0.96 na utapata 0.8. Si 0.64. Muda wa safari unategemea kasi ya kuondoka, si kasi mara kasi, kwa hivyo muda unafuata e yenyewe.

Basi hili ndilo jambo kuu la somo hili, na ningependa ulikariri kwa maneno yako mwenyewe: kasi na muda hupungua kwa e, kimo hupungua kwa e². Ukilielewa hili, hakuna swali la mpira unaodunda litakalokubabaisha.

Sehemu ya (c): Muda wote

Tukiendelea bila kukoma, muda wa safari baada ya mgongano wa kwanza ni:

0.96 + 0.768 + 0.6144 + 0.49152 + ...

Nukta tatu zinamaanisha kuwa orodha haina mwisho. Kila safari ni 0.8 ya iliyotangulia, kwa hivyo daima kuna nyingine. Hapa wanafunzi huniuliza swali zuri: ikiwa orodha haina mwisho, jumla itakuwaje na mwisho?

Iite jumla hiyo S.

S = 0.96 + 0.768 + 0.6144 + ...

Zidisha pande zote kwa 0.8:

0.8S = 0.768 + 0.6144 + ...

Linganisha mistari miwili. Kila kilicho katika mstari wa chini kimo pia katika mstari wa juu. Kinachobaki juu peke yake ni 0.96. Ondoa wa chini kutoka wa juu:

S − 0.8S = 0.96
0.2S = 0.96
S = 4.8

Jumla ni sekunde 4.8, wala si namba isiyo na mwisho. Safari ni nyingi bila kikomo, lakini zinafupika haraka kiasi kwamba zote pamoja hazivuki sekunde 4.8. Ongeza kuanguka kwa mwanzo:

Muda wote = 0.6 + 4.8 = sekunde 5.4

Ukifanya hesabu hii kwa herufi badala ya namba, ukiita muda wa kuanguka kwa kwanza t, utaona kuwa safari ya kwanza ya kupanda na kushuka ni 2te, na jumla ya safari zote ni 2te ÷ (1 − e). Ukijumlisha na t na kurahisisha, unapata:

T = t × (1 + e) ÷ (1 − e)

Jaribu: 0.6 × 1.8 ÷ 0.2 = 5.4. Inakubali.

Sikushauri uikariri fomula hii bila kujua ilikotoka. Katika mtihani, alama za mbinu hutolewa kwa hatua zinazoonekana. Andika safari ya kwanza, andika uwiano, andika jumla ya mfululizo, kisha ongeza kuanguka kwa mwanzo. Fomula fupi itumie kuhakiki jibu lako.

Hakiki hiyo ina faida kubwa, kwa sababu makosa mawili ya kawaida hutoa majibu yanayofanana na ukweli. Aliyehesabu kuanguka kwa mwanzo mara mbili atapata 1.2 ÷ 0.2 = sekunde 6.0. Aliyetumia 0.64 kama uwiano wa muda atapata 0.6 + 0.96 ÷ 0.36, yaani karibu sekunde 3.27. Hakuna hata moja kati ya majibu hayo litakalokushtua kwa kulitazama tu. Jibu la 6.0 hata linapendeza kuliko 5.4.

Sehemu ya (d): Umbali wote

Njia ni ileile, ila sasa tunajumlisha vimo, kwa hivyo uwiano ni 0.64. Kimo cha mwanzo kinahesabiwa mara moja. Vingine mara mbili.

Umbali = 1.8 + 2 × (1.152 + 0.737 + 0.472 + ...)
= 1.8 + 2 × 1.152 ÷ (1 − 0.64)
= 1.8 + 2.304 ÷ 0.36
= 1.8 + 6.4
= mita 8.2

Sauti ya mwisho

Je, mpira wa kweli hudunda mara zisizo na idadi? Hapana, lakini hesabu inakaribia sana kueleza unachosikia. Tafuta mdundo ambao kimo chake hakifiki sentimita moja:

1.8 × 0.64ⁿ < 0.01

Ukitumia logi, utapata n kubwa kuliko 11.6, kwa hivyo ni mdundo wa 12. Mpira unagonga sakafu mara ya 12 baada ya muda huu:

0.6 + 4.8 × (1 − 0.8¹¹) = karibu sekunde 4.99

Zimebaki sekunde 0.41 tu kufikia 5.4. Midundo yote iliyosalia, ambayo katika hesabu haina mwisho, imebanwa katika muda huo mfupi. Ndiyo maana ukiacha mpira udunde wenyewe, unasikia "du... du.. du. du" kisha mngurumo mfupi unaokatika ghafla. Sikio lako linasikiliza mfuatano wa jiometri.

Tutoke nje na mpira

Katika shule ninayofundisha hapa Kenyenya, nilimpa mwanafunzi mmoja rula ya mita na mpira wa vikapu, nikamwambia apime e kwenye sakafu ya darasa. Aliachilia mpira ili sehemu yake ya chini iwe mita 1.8 juu ya sakafu. Mwenzake alitazama mpira ulipofika juu, akasoma mahali sehemu ya juu ya mpira ilipofika: karibu mita 1.39. Wakapiga hesabu:

e = √(1.39 ÷ 1.8) = karibu 0.88

Kisha wakatafuta muda wote: 0.6 × 1.88 ÷ 0.12 = sekunde 9.4. Wakaachilia mpira tena na kutazama saa. Ulitulia muda mrefu kabla ya sekunde tisa. Mmoja wao akaja kwangu akiwa ameudhika. "Mwalimu, fomula imetudanganya," akasema.

Fomula haikuwadanganya. Walianza kupima kwenye tumbo la mpira na kumalizia kwenye kichwa chake. Mpira wa vikapu wa wanaume una mzingo wa karibu sentimita 75 hadi 78, kwa hivyo kipenyo chake ni karibu sentimita 24. Ondoa 0.24 kutoka 1.39 na utapata mita 1.15, yaani kimo cha sehemu ya chini ya mpira. Sasa:

e = √(1.15 ÷ 1.8) = karibu 0.8

Na muda unarudi kuwa karibu sekunde 5.4. Tazama ukubwa wa tofauti: sentimita 24 zimegeuza sekunde 5.4 kuwa zaidi ya 9. Sababu iko chini ya mstari wa fomula, katika 1 − e. Kadiri e inavyoikaribia 1, ndivyo 1 − e inavyokuwa ndogo, na kugawanya kwa namba ndogo hukuza kila kosa.

Mtego huu wa tumbo na kichwa si wa wanafunzi wetu pekee. Kwa miaka mingi kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu, FIBA, zilitaka mpira uachiliwe kutoka karibu mita 1.8, ikipimwa kutoka sehemu ya chini ya mpira, na urudi hadi kati ya mita 1.2 na 1.4, ikipimwa hadi sehemu ya juu. Asiyesoma kwa makini hupata e kubwa mno. Ukiondoa kipenyo, e ya mpira unaokubalika inakuwa kati ya 0.73 na 0.80 hivi. Mpira wa swali letu, basi, ni mpira halali uliopigwa pampu vizuri.

Kuna njia nyingine ya kupima e isiyohitaji rula wakati wa mdundo. Pima kimo cha mwanzo tu, kisha tumia saa ya simu kupima muda tangu kuachilia hadi mngurumo ukatike. Geuza fomula ya muda wote:

T(1 − e) = t(1 + e)
T − t = e(T + t)
e = (T − t) ÷ (T + t)

Tuseme umepima T = sekunde 4.9. Kwa kuwa sasa ni mpira wa kweli, tumia g = 9.8, ambayo inatoa t = sekunde 0.606. Basi e = 4.294 ÷ 5.506 = 0.78. Hata ukikosea kusimamisha saa kwa nusu sekunde, e itabadilika kwa karibu 0.02 tu. Udhaifu uleule uliotuumiza tulipotoka e kwenda muda, sasa unatusaidia tunapotoka muda kwenda e.

Mipaka ya e

Swali linasema e ni 0.8 katika kila mdundo, nawe katika mtihani utalitii swali. Lakini ujue kwamba e si mali ya mpira peke yake. Ni ya mpira pamoja na sakafu. Mpira uleule unaodunda vizuri kwenye saruji utadunda kidogo sana kwenye uwanja wetu wa udongo baada ya mvua ya alasiri, kwa sababu udongo laini unabonyea na haurudishi nishati iliyoingia. Mpira usio na upepo wa kutosha pia hupoteza nishati zaidi unapobonyea.

Hata urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari una sauti yake. Kanuni za tenisi zinasema mpira wa kawaida ukiachiliwa kutoka sentimita 254 unapaswa kurudi hadi kati ya sentimita 135 na 147. Lakini kwa michezo inayochezwa mahali palipo zaidi ya mita 1,219 juu ya usawa wa bahari, kanuni hizo zinaruhusu mpira wa aina nyingine, ambao katika kipimo hichohicho hurudi kati ya sentimita 122 na 135 tu. Kule juu hewa ya nje husukuma mpira kidogo kuliko pwani, kwa hivyo mpira wenye upepo ndani unakuwa kama umekazwa zaidi, nao hudunda kupita kiasi. Sisi wa nyanda za juu za Gusii tunaishi juu ya kiwango hicho. Kwa hivyo mpira wa tenisi uliopimwa Mombasa hautakuwa na e ileile ukifika Kenyenya.

Mwisho, fomula zetu zimepuuza hewa na muda mfupi ambao mpira umegusa sakafu. Kwa mpira wa vikapu kutoka mita 1.8, kupuuza huko hakudhuru sana. Kwa mpira mwepesi wa plastiki wa watoto, hewa ingeharibu hesabu tangu mwanzo, na ungeona uwiano wa vimo ukibadilika kutoka mdundo mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo njia ya kutambua: pima vimo vitatu vinavyofuatana. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, na cha tatu kwa cha pili. Majibu mawili yakikaribiana, e haibadiliki sana na unaweza kuamini fomula. Yakitofautiana sana, usiiamini.

Zoezi

1. Mpira unaachiliwa kutoka kimo cha mita 3.2. Kizidishi cha mdundo ni 0.5 na g = 10 m/s². Tafuta vimo vya midundo mitatu ya kwanza, muda wote hadi utulie, na umbali wote.

2. Mpira wa tenisi unaachiliwa kutoka mita 2.54 na kurudi hadi mita 1.40. Tafuta e, kisha muda wote hadi utulie. Chukua g = 10 m/s².

3. Mwanafunzi hakuona mpira ukiachiliwa, lakini alisikia ukigonga sakafu mara tatu. Kati ya sauti ya kwanza na ya pili zilipita sekunde 0.9, kati ya ya pili na ya tatu, sekunde 0.72. Mpira uliachiliwa kutoka kimo gani? Chukua g = 10 m/s².

Majibu

1. Vimo ni mita 0.8, 0.2 na 0.05. Kuanguka kwa mwanzo ni sekunde 0.8, na muda wote ni 0.8 × 1.5 ÷ 0.5 = sekunde 2.4. Umbali wote ni 3.2 + 1.6 ÷ 0.75 = mita 5.33.

2. Hapa umepewa vimo, kwa hivyo 1.40 ÷ 2.54 = 0.551 ni e², na e = 0.742. Ukiacha e ikiwa 0.551, umeanguka katika mtego wa mwanzo wa somo hili. Kuanguka kwa mwanzo ni sekunde 0.713, na muda wote ni karibu sekunde 4.8.

3. Muda hufuata e, kwa hivyo e = 0.72 ÷ 0.9 = 0.8. Safari ya sekunde 0.9 ina kupanda kwa sekunde 0.45, kwa hivyo kasi ya kuondoka baada ya mgongano wa kwanza ilikuwa 4.5 m/s. Kasi ya kugonga ilikuwa 4.5 ÷ 0.8 = 5.625 m/s. Kimo ni 5.625² ÷ 20 = mita 1.58. Ukiwa umegawanya 4.5 kwa 0.64, rudi kwenye sehemu ya (b) na usome tena maneno yaliyokolezwa.